Taa Karibu, Uzito Mbali: Vifaa vya Kurekodia Tulivyojitengenezea Butimba

Video yetu ya kwanza ilirudishwa na sentensi moja: "Simwoni mwalimu, wala sisomi namba kwenye rula." Ilikuwa kazi ya kikundi, watu watano, alama 20. Neema ndiye aliyefundisha, kipindi cha dakika sita cha Fizikia kuhusu kanuni ya mizani: rula ya mita moja inaning'inizwa katikati, vijiwe vinafungwa pande zote mbili, halafu mwanafunzi anaona kwamba uzito mdogo ulioko mbali unaweza kulingana na uzito mkubwa ulioko karibu. Neema alijiandaa vizuri kuliko sisi sote. Lakini ukitazama video, uso wake ulikuwa mweusi tii mbele ya dirisha, kivuli cha mkono wake kilifunika namba kila aliposogeza kijiwe, na picha ilikuwa inatikisika kama imepigwa ndani ya daladala inayopandisha barabara ya mawe.

Mhadhiri alitupa siku nane kurudia. Bumu lilikuwa bado halijaingia. Mtu mmoja wa kikundi alipendekeza tukodi vifaa mjini, tukauliza bei, tukarudi kimya. Ndipo tukaanza kutengeneza wenyewe kwenye geto langu hapa Butimba. Jumla tulitumia shilingi 30,000, yaani 6,000 kwa kila mtu. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu mnaokaribia kazi kama hiyo, kwa sababu kosa letu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba tatizo ni kukosa vifaa. Tatizo kubwa lilikuwa umbali. Taa yetu ilikuwa mahali pasipofaa, na uzito wa simu ulikuwa mahali pasipofaa. Umbali hauuzwi dukani, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kwanza, mwanga

Kabla hujagusa mkasi, fanya jaribio dogo. Zima taa za chumba, washa balbu moja, weka rula mezani chini yake, halafu nyoosha kidole juu ya rula. Utaona kivuli chenye ukingo mkali, na namba zilizo ndani yake hazisomeki. Sasa shika shuka jeupe, mwenzako alitandaze kati ya balbu na meza. Kivuli kinalainika, pengine kinapotea kabisa.

Wengi tunadhani kitambaa "kinachuja" mwanga ukawa mpole. Sivyo hasa. Kinachotokea ni kwamba kitambaa chote kinageuka kuwa taa. Balbu ina upana wa sentimita 6 hivi. Kitambaa chenye upana wa sentimita 45, kikiangazwa chote, ni taa yenye upana wa sentimita 45. Mwanga unaotoka upande wa kushoto wa kitambaa unaingia mahali ambapo kidole kimezuia mwanga wa upande wa kulia, na kinyume chake.

Hesabu yake ni ya Kidato cha Pili. Upana wa ukingo uliofifia wa kivuli ni upana wa taa, mara umbali kati ya kidole na rula, gawanya kwa umbali kati ya taa na kidole. Tuseme taa iko sentimita 90 kutoka kwenye kidole, na kidole kiko sentimita 6 juu ya rula. Kwa balbu tupu ni 6 mara 6 gawanya kwa 90, yaani sentimita 0.4. Kidole cha Neema kina upana wa sentimita moja na nusu, kwa hiyo katikati ya kivuli panabaki weusi mtupu. Kwa kitambaa cha sentimita 45 ni 45 mara 6 gawanya kwa 90, yaani sentimita 3. Ukingo uliofifia umekuwa mpana kuliko kidole chenyewe! Sehemu nyeusi haina pa kukaa. Namba zinasomeka.

Sasa lirudishe boksi lilelile hadi mita 3, kama tulivyofanya siku ya kwanza tukiogopa lisionekane kwenye picha. Ukingo unashuka hadi sentimita 0.9, na weusi unarudi katikati. Isitoshe, mwanga wenyewe unapungua: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki na robo takriban. Kutoka sentimita 90 hadi mita 3 tulipoteza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga tuliolipia LUKU. Kwa hiyo lisogeze boksi karibu hadi liguse ukingo wa picha, kisha lirudishe kidogo tu.

Kulitengeneza boksi la mwanga

Chukua boksi la katoni lenye mdomo wa sentimita 45 kwa 45 na kina cha sentimita 40 au zaidi. Sisi tulipewa bure dukani. Pamba kuta za ndani kwa foili, upande unaong'aa ukiwa nje. Toboa nyuma katikati, pitisha holda ya balbu na uifunge kwenye kipande cha ubao, isishikiliwe na katoni peke yake. Mdomo wa boksi ufunike kwa kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kisiwe na rangi hata kidogo, kwa sababu kitambaa cha maziwa kinatoa mwanga wa maziwa, na uso wa mtu utaonekana kama ana homa ya manjano.

Boksi letu la kwanza lilishindwa. Tulitumia katoni fupi, balbu ikawa sentimita 8 tu nyuma ya kitambaa. Tulipowasha, katikati ya kitambaa paliwaka duara kali kama mwezi, na pembe zote zikabaki giza. Kivuli kilikuwa karibu sawa na cha balbu tupu, na sasa unajua kwa nini: taa halisi ilikuwa lile duara, siyo kitambaa. Namna ya kugundua ni kukielekezea kitambaa simu, kugusa sehemu inayong'aa zaidi kwenye skrini, kisha kupunguza mwangaza wa picha mpaka mwisho. Ukiona duara, bado. Dawa yake ni mbili, na tulitumia zote: kurudisha balbu nyuma hadi sentimita 35, na kutundika kitambaa cha pili ndani ya boksi, katikati ya njia kati ya balbu na kitambaa cha mbele. Mwanga ulipungua kidogo lakini kitambaa kikawaka chote.

Balbu iwe ya LED, wati 15 hadi 20. Usiweke balbu ya zamani ya waya unaowaka wala ya halojeni, maana zinatoa joto la kuunguza katoni na kitambaa. Hata LED inapata joto kwenye shingo, kwa hiyo acha matundu juu na nyuma ya boksi. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tuna kazi ya ziada: usiku wadudu wa ziwani wanafuata mwanga, wanaingia kwenye matundu, na kivuli cha kila mmoja kinaonekana kikitembea kwenye kitambaa. Tulibandika vipande vya chandarua kuukuu kwenye matundu, hewa ikapita na wadudu wakabaki nje.

Jambo la kuogopa kweli ni foili. Foili inapitisha umeme. Ikate iishie angalau sentimita 5 kabla ya kufika kwenye holda, na holda iwe ya plastiki iliyofunikwa vizuri, isiwe na skrubu za waya zilizo wazi. Funga waya zote kabla plagi haijaingia ukutani. Kama hujawahi kufunga plagi, mwite mtu anayejua. Sisi tulimwomba fundi wa jirani, akatazama kazi yetu akasema, "Wanangu, hii foili ingewafundisha Fizikia kabla ya mwalimu wenu." Alikata kipande kikubwa akaturudishia.

Mama mwenye nyumba naye alipoona taa inawaka kutwa alikuja kuuliza kuhusu umeme. Nilimsalimia, nikamweleza: "Mama, hii ni wati 20. Tukiiwasha saa hamsini ndiyo inakula uniti moja." Alifikiri kidogo, akasema, "Haya, lakini pasi msiniwashie." Tukakubaliana.

Mambo mawili madogo kabla hatujaacha mwanga. Funga pazia, usichanganye jua na balbu ya njano, kwa sababu simu haiwezi kurekebisha rangi mbili kwa pamoja: nusu ya uso itakuwa ya bluu, nusu ya machungwa. Pili, ukiona mistari ya giza inapanda na kushuka kwenye video, hiyo ni balbu kuwakawaka na umeme. Umeme wetu ni 50 Hz, balbu nyingi za bei nafuu zinapungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi zina sehemu ya kuchagua 50 Hz au 60 Hz kwenye mipangilio ya kamera, chagua 50 Hz. Kama simu yako inakuruhusu kupanga kasi ya shata, weka 1/50 au 1/100. Mistari ikiendelea, badilisha balbu, maana kuna balbu zinazowakawaka na nyingine hazifanyi hivyo.

Mafiga matatu

Stendi ya simu ilikuwa rahisi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu bibi zetu walishaimaliza hesabu yake. Mafiga ni matatu kwa sababu vitu vitatu haviwezi kuyumba, hata ardhi iwe na mabonde kiasi gani. Meza ya miguu minne inahitaji sakafu iliyonyooka, miguu mitatu inasimama hata juu ya mawe ya Butimba.

Tulinunua mipini mitatu ya fagio, kila mmoja sentimita 120. Ilaze sambamba, funga sentimita 10 kutoka juu kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, ukiupitisha juu ya mmoja, chini ya wa pili, juu ya wa tatu, mizunguko sita hivi. Simamisha, tanua miguu mpaka kati ya mguu na mguu pawe na sentimita 70. Ncha za juu zitakuwa kwenye kimo cha sentimita 112 hivi, panapotosha mtu aliyekaa au meza ya maonyesho.

Kasoro yake utaiona kwenye sakafu ya saruji: miguu inateleza polepole na simu inashuka bila wewe kujua. Video inaanza na uso, inaishia na kifua. Funga kamba kuzunguka miguu yote mitatu, karibu na chini, ili isiweze kutanuka zaidi. Kisha ning'iniza chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji katikati, chini ya fundo. Inashusha uzito na kuzuia upepo wa ziwani usiiangushe.

Kishikio cha simu ni ndala iliyokatika. Kata kipande cha soli sentimita 10 kwa 6, kichanje mfereji wa kina cha sentimita 2, mwembamba kidogo kuliko simu yako, ili mpira uibane. Kipande hicho tulikifunga kwenye kibao kidogo kwa utepe wa tyubu, na kibao juu ya mipini. Kabla hujakiamini, kigeuze juu ya godoro simu ikiwa ndani, ukitikise. Ikianguka, mfereji ni mpana.

Uzito mbali

Picha mbili za Neema zilihitaji simu itembee: moja akipita kati ya madawati, nyingine ikifuata rula kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo stendi haisaidii.

Simu inatikisika sana mkononi kwa sababu ni nyepesi na ndogo. Gramu 200 zilizokusanyika ndani ya sentimita 16 zinageuzwa na mtikisiko wowote wa kidole. Ugumu wa kitu kugeuka unategemea uzito, na unategemea zaidi umbali wa uzito huo kutoka pale kinapogeukia: ukiuweka mbali mara mbili, ugumu unaongezeka mara nne. Nne ileile ya taa, ila safari hii mbali ndiyo kuzuri. Mtembea juu ya kamba anashika mti mrefu kwa sababu hiyohiyo. Garrett Brown, Mmarekani aliyebuni kifaa cha Stedikamu katika miaka ya 1970, aliijenga kazi yake juu ya jambo hili: tawanya uzito, halafu shika pale unapolingana. Filamu ya *Rocky* ya mwaka 1976 ni miongoni mwa za kwanza kukitumia.

Yetu ni bomba la plastiki la nusu inchi, urefu wa sentimita 40. Juu kuna kishikio cha ndala, chini kuna chupa ndogo ya maji yenye mchanga mkavu wa ziwani. Siku ya kwanza tuliijaza chupa yote, nusu lita, ikawa karibu gramu 800. Tulidhani kizito ndiyo kitulivu. Tulipotembea, kifaa kilibembea kama kengele ya kanisa kila tukisimama, na video ikawa ya kutia kichefuchefu.

Hapo Neema akacheka. Akalaza bomba kwenye kidole, akasogeza kidole mpaka likalingana, akasema, "Jamani, si ndiyo somo langu hili?" Kidole chake kilikuwa karibu kabisa na chupa. Chini palikuwa pazito mno. Tulimwaga mchanga mpaka uzito wa chupa ukazidi wa simu kidogo tu, gramu 250 hivi, na kituo cha ulinganifu kikaja karibu na katikati ya bomba. Sehemu ya kushika ni upana wa kidole kimoja juu ya hapo, ili chini pabaki pazito kidogo na simu isimame wima yenyewe.

Kipimo chake ni hiki. Funga uzi pale pa kushikia, ning'iniza, laza bomba likae mlalo, kisha achia. Likirudi wima kwa sekunde mbili hivi, limekaa sawa. Likijirusha wima chini ya sekunde moja, punguza mchanga au shusha pa kushikia. Likibaki limelala, ongeza. Baada ya hapo shika kwa vidole vitatu, kwa wepesi kama unavyoshika kalamu. Ukikaza ngumi, mkono wako unaanza kuligeuza na kazi yote imepotea.

Kifaa hiki kina mpaka wake. Kinazuia simu isigeuke, hakizuii isipande na kushuka unapopiga hatua. Hilo linatibiwa na magoti: yalegeze, kanyaga kisigino kwanza, hatua fupi. Na bila mwanga wa kutosha hakuna fremu itakayokuokoa, kwa sababu simu gizani inaacha shata wazi muda mrefu zaidi na kila mtikisiko mdogo unakuwa ukungu kwenye picha. Ndiyo maana tulianza na boksi.

Siku ya kurudia

Tulirekodi Jumamosi. Dirisha lilikuwa nyuma ya simu, limefunikwa pazia. Boksi upande wa kushoto wa Neema, sentimita 90 kutoka usoni, juu kidogo ya macho. Upande wa kulia tulitundika shuka jeupe, lirudishe mwanga kwenye shavu la pili. Tuligusa uso wake kwenye skrini na kushikilia kidole mpaka simu ikafunga mwangaza, kwa sababu ukiiacha ijiamulie yenyewe, ukuta mweupe unaifanya ipunguze mwanga na ngozi yetu nyeusi inapotea. Rula ilisomeka mwanzo hadi mwisho. Picha ya kupita kati ya madawati bado ilipanda na kushuka, tukabakiza sekunde nane tu zilizofaa.

Majibu yalikuja wiki iliyofuata: 14 kati ya 20. Safari hii mhadhiri hakuandika neno lolote kuhusu giza. Aliandika kwamba Neema aliuliza swali kwenye dakika ya tatu, akalijibu mwenyewe kabla ya sekunde mbili kupita, na kwamba mwanafunzi mmoja wa nyuma alikuwa ameshanyoosha mkono. Tulirudisha video nyuma, tukamwona. Mkono wake uko juu, unaonekana vizuri kabisa, na hakuna aliyemwita. Kwenye video ya kwanza alikuwepo pia, ila kwenye kile kiza hakuna hata mmoja wetu aliyemwona.

Neema ana BTP mwezi wa saba. Ameniazima lile boksi.